Kushuti nje usiku kwa balbu moja na paneli ndogo bila kuua giza

Kazi za usiku ninazoletewa kurekebisha rangi zina ugonjwa mmoja. Uso wa mwigizaji unang'aa kama wa bibi harusi, nyuma yake ni weusi mtupu, na kila anayetazama anajua kuna mtu ameshika taa pembeni ya kamera. Mwongozaji anasema, "Punguza mwanga." Napunguza, uso unakuwa wa kijivu na ule weusi unabaki vilevile. Kiasi cha mwanga sicho kilichoharibu shoti. Kilichoharibu ni kwamba taa ya kwanza kuwashwa ilikuwa ya uso.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume: kwanza taa inayoonekana kwenye fremu, pili kamera, tatu kilicho nyuma, na uso mwisho kabisa. Tutatumia tukio moja tangu mwanzo hadi mwisho. Dada anauza chipsi kwenye banda la mtaa wa ndani, Uyole, Mbeya. Mdogo wake wa kiume anatokea gizani upande wa migomba, anatembea hadi mezani, wanazungumza dakika mbili. Umeme ni wa banda, soketi ni moja.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kamera yenye ISO 1600 isiyo na chenga nyingi, na lenzi inayofunguka hadi f/2 au zaidi. Ile ya milimita 50 ya f/1.8 inatosha kwa shoti za karibu. Kwa shoti pana tafuta ya milimita 24 au 35.
- Paneli tatu za LED zinazobadilika rangi kutoka 3200K hadi 5600K, za wati 15 hadi 20. Kila moja na betri mbili, na chaja iwe karibu.
- Balbu za LED za rangi ya joto, 2700K au 3000K: moja ya wati 3, moja ya wati 5, na holda yenye waya.
- Kitambaa cheupe chepesi cha upana wa mita moja, na kitambaa cheusi kizito cha ukubwa huohuo.
- Plastiki ya rangi ya chungwa inayostahimili joto, tepu, kamba, na mwanzi wa mita 3 au 4.
- Eksitensheni nzima, isiyo na viraka vya tepu.

Usichukue dima ya ukutani ukidhani utapunguzia balbu mwanga. Balbu nyingi za LED za dukani hazikutengenezwa kwa dima. Zitapepesa au zitakufa. Ukitaka mwanga mdogo, funga balbu ya wati ndogo.

Zungumza na mwenyekiti wa mtaa na majirani mchana, si usiku mkiwa mmeshafika na stendi. Mwenye banda naye mlipe biashara atakayoikosa.

## Hatua ya 1: Fika kabla jua halijazama

Mbeya iko magharibi ya Dar es Salaam, hivyo jua huzama kama dakika 20 na zaidi nyuma ya Dar. Mwezi Juni huzama karibu saa 12:30 jioni, Desemba karibu saa 1:00. Likishazama, una dakika kama 20 tu za anga la bluu kabla giza halijafunga. Nchi zilizo karibu na ikweta hazina machweo marefu.

Shoti pana ya banda zima, paa na miti nyuma yake, ishuti ndani ya dakika hizo. Anga litakupa bure kile ambacho paneli tatu haziwezi kukupa, yaani ukingo wa paa na vichwa vya mikaratusi kuonekana. Anza kurekodi dakika 12 hivi baada ya jua kuzama na urudie kila baada ya dakika tatu. Shoti moja kati ya hizo itakuwa na anga jeusi kiasi cha kuaminika huku bado lina umbo.

Hii inataka balbu na waigizaji wawe tayari saa 12:00 jioni. Ukifika saa moja na nusu, shoti pana utaikosa, au utaishuti ikawa balbu moja inayoelea kwenye weusi.

## Hatua ya 2: Badilisha balbu ya banda

Banda la kawaida lina balbu ya wati 9, nyeupe ya kibluu, imening'inia uchi juu ya kabati la vioo. Mwombe mwenyewe: "Mama, tunaomba tubadilishe balbu yako usiku huu tu, tutairudisha." Kisha funga ya wati 5 yenye rangi ya joto.

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni rangi. Usiku jicho linasadiki haraka kwamba taa ni ya manjano na kiza ni cha bluu. Balbu nyeupe ya kibluu inafuta tofauti hiyo, kila kitu kinakuwa rangi moja.

Ya pili ni nguvu. Balbu ya LED ya wati 5 hutoa lumeni kama 400. Mita moja kutoka kwenye balbu hiyo unapata luksi 30 na kidogo, na kwa ISO 1600, f/2 na shata 1/50, huo ndio mwanga wa kawaida kabisa wa uso. Mita mbili kutoka kwenye balbu mwanga unabaki robo, yaani stopu mbili chini, kila stopu ikiwa ni kukata mwanga nusu. Maana yake ni kwamba balbu moja ya bei ndogo inaweza kumwangazia dada aliyesimama jikoni bila paneli yoyote. Watu hawaamini mpaka waone.

Sasa tatizo la balbu yenyewe. Ikionekana uchi kwenye fremu itaungua, iwe doa jeupe lenye ukungu kuizunguka. Usihangaike kuizuia kwa kupunguza ISO. Balbu ina mwanga mkali mara maelfu kuliko uso ulio kando yake, hakuna kamera ya bei yetu itakayobeba vyote viwili. Ifiche kiasi. Kata kipande cha bati au karatasi nene, kiweke upande wa kamera kiwe kama mdomo wa kofia, na kiache nafasi ya hewa ya vidole viwili kutoka kwenye balbu. Usiivalishe balbu karatasi wala tepu moja kwa moja, kitako chake kinapata moto.

Umefanikiwa ukiona meza, sufuria na vioo vya kabati vimeangazwa, na pale balbu ilipo unaona mwanga unatokea lakini huoni balbu yenyewe. Kama mwongozaji anataka balbu ionekane, funga ile ya wati 3 ndiyo ionekane, na ya wati 5 isogeze nyuma ya nguzo ifanye kazi.

## Hatua ya 3: Funga mipangilio ya kamera, kisha usiiguse

Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Umeme wetu ni wa herzi 50, kwa hiyo taa nyingi za umeme hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 inalingana na mapigo hayo, 1/60 hailingani, na utaona mistari ikipanda polepole ukutani. Uione kwa kuelekeza kamera kwenye ukuta mweupe ulio karibu na balbu.

WB, yaani mpangilio wa kamera wa rangi nyeupe, iweke kwa mkono, 3200K. Kwa namba hiyo balbu ya 2700K itabaki na ujoto kidogo, na paneli ya 4500K itaonekana ya bluu hafifu. WB ya otomatiki itabadilika mwigizaji akisogea, na hilo halirekebishiki mezani.

ISO 1600, f/2. Washa Zebra, ile michirizi inayotokea kwenye skrini pale mwanga unapofika kiwango ulichochagua, uiweke kwenye 70, na washa histogramu. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu ya macho yao wenyewe. Baada ya nusu saa gizani macho yako yamefunguka, na skrini ya kamera inaonekana kali kama mchana. Unapunguza, unapunguza tena, na kesho yake kwenye kompyuta hakuna picha. Punguza mwanga wa skrini ukitaka, lakini uamuzi ufanywe na histogramu. Mlima uwe upande wa kushoto bila kurundikana ukutani kabisa, na kuwe na kamstari kembamba upande wa kulia, ambako ni ile balbu. Zebra ionekane kwenye meza chini ya balbu na kwenye kingo za vioo. Usoni isionekane, labda kwenye mng'ao wa paji la uso.

## Hatua ya 4: Jenga kilicho nyuma

Kabla hujawasha kitu kwa ajili ya uso, angalia fremu ukiwa na balbu tu. Dada anaonekana, nyuma yake ni shimo. Giza linasadikika pale mtazamaji anapoweza kukisia kuna nini ndani yake, na kwa hilo anahitaji umbo moja au mawili tu: ukingo wa jani, pembe ya ukuta, mtu aliyesimama.

Chukua paneli ya kwanza, iweke 4500K, ifunge juu ya mwanzi kiasi cha mita 3 na zaidi, nyuma ya migomba, ikielekea kwenye banda na kwenye kamera kwa mshazari. Huo ndio mbalamwezi wetu. Ukaze mwanzi kwenye nguzo au mti kwa kamba sehemu mbili. Upepo wa usiku huku nyanda za juu si wa kuchezea.

Umbali ndio siri ya hatua hii. Paneli ya wati 20 bila kitambaa mara nyingi hutoa kama luksi 1000 kwa mita moja. Namba ya kwako iko kwenye kijitabu chake. Gawa namba hiyo kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Mita 8: 1000 kwa 64, luksi 15 hivi, stopu moja chini ya kawaida. Mita 15: 1000 kwa 225, luksi 4 na kidogo, karibu stopu tatu chini.

Kwa hiyo tukaiweka mita 15 kutoka mezani. Kijana anaanzia mita 8 kutoka kwenye paneli, na njia yake ni mita 7. Akianza, mabega na kichwa vina ukingo wa bluu ulio wazi. Akisogea, ukingo unafifia taratibu, na mita mbili za mwisho balbu ya banda inampokea. Mtazamaji anaona mtu ametoka gizani akaingia kwenye mwanga, na hakuna aliyegusa kitufe.

Ukiisogeza paneli iwe mita 4 nyuma yake anapoanzia, ataanza na luksi 60 na zaidi, aking'aa kuliko dada aliye chini ya taa. Mbalamwezi wa namna hiyo haupo. Ukitaka kupunguza, sogeza paneli nyuma kabla ya kugusa kitufe cha nguvu. Paneli nyingi za bei nafuu zikishushwa chini ya asilimia 10 huanza kupepesa, na utaona mistari.

Usiifikishe 5600K kwa WB hii. Bluu inakuwa ya video za muziki.

Paneli ya pili iweke chini, nyuma ya pembe ya nyumba ya jirani, 3200K, ikiangaza ukuta tu. Ni kama dirisha la mtu aliye macho bado. Shusha mpaka ukuta uonekane kwa shida kwenye skrini, kisha iache hapo. Kama kuna dirisha halisi na mwenye nyumba amekubali, acha taa yake iwake ndani, funga pazia, na paneli hiyo ibaki akiba.

Zima zote, washa moja moja, tazama. Paneli ikizimwa na fremu isibadilike, itoe. Umefanikiwa ukiweza kuhesabu ngazi tatu: banda lenye mwanga, umbo la migomba au ukuta, na weusi kamili uliobaki kati yao. Weusi huo uache. Shoti isiyo na sehemu nyeusi kabisa inaonekana kama mchana uliopakwa bluu.

Msimu wa ukungu, kuanzia Uyole kupanda kuelekea Tukuyu, hatua hii inabadilika. Ukungu unabeba mwanga wa paneli ya nyuma na fremu nzima inakuwa ya maziwa. Ishushe paneli hiyo nusu, na hakikisha yenyewe imefichwa na shina au ukuta, maana ukungu utaonyesha mwanga unakotoka. Moshi wa jiko la mkaa unafanya jambo hilohilo kwa kiasi kidogo, na huo unapendeza. Usiuzuie.

## Hatua ya 5: Uso, mwisho

Kwa shoti pana uso hauhitaji kitu zaidi ya balbu. Kwa shoti ya karibu, balbu iliyo juu ya kichwa inaweka vivuli machoni, na macho yakipotea mazungumzo yamepotea.

Paneli ya tatu iwekwe upande uleule wa balbu, nje kidogo ya fremu, juu kuliko macho. Weka 3200K, funika na plastiki ya chungwa mpaka rangi yake ifanane na balbu mezani. Mbele yake tundika kitambaa cheupe, nusu mita kutoka kwenye paneli, mita moja kutoka usoni. Isitoke upande wa kamera hata kidogo. Mwanga unaotoka kwenye kamera ndio ule wa video ya harusi.

Ngozi nyeusi usiiongezee nguvu, iongezee upana. Ngozi ya dada huyu inaonekana usiku kwa mng'ao wake shavuni, kwenye daraja la pua na kwenye paji la uso, na mng'ao ni taswira ya taa yenyewe. Paneli ndogo iliyo uchi inatoa vidoa vikali. Kitambaa cha mita moja kinatoa mng'ao mpana unaochora shavu zima, huku uso wenyewe ukibaki stopu moja chini ya kawaida. Mafuta kidogo ya kupaka shavuni yanasaidia kuliko kuongeza asilimia 20 kwenye paneli. Mtu wa vipodozi akija na poda ya kuua mng'ao, mwombe aiache kwenye mkoba.

Upande wa pili wa uso tundika kitambaa cheusi karibu kabisa, nje ya fremu. Nguo nyeupe za timu, ukuta wa chokaa na hata kabati la vioo vinarudisha mwanga, na uso unakuwa bapa. Kitambaa cheusi kinarudisha usiku upande huo.

Kipimo changu ni rahisi. Funika balbu kwa kidole kwenye skrini, tazama uso, kisha toa kidole. Mwanga wa uso ukionekana umetoka mahali pengine, paneli iko juu mno au pembeni mno. Hamisha paneli, balbu iache.

Ukigeuza kamera kumshuti kijana, usibebe mpangilio mzima kwa kuukariri. Balbu sasa iko mbele yake, kwa hiyo paneli ya uso inahamia upande ule balbu ilipo kwake. Mbalamwezi uko nyuma yake, kwa hiyo kijana anapata ukingo. Kwa dada mbalamwezi ungempiga usoni. Kwenye shoti zake za karibu uzime, au usogeze uguse nywele tu. Hakuna mtazamaji atakayepima nyuzi za mbalamwezi, lakini kila mtu atagundua kwamba uso umegeuka bluu katikati ya sentensi.

## Maji, waya na baridi

Kumwagilia ardhi mbele ya banda kunafanya balbu ijirudie chini, na fremu inapata mwanga bila taa ya ziada. Ndoo mbili zinatosha, na shuti haraka kabla udongo haujanywa. Eksitensheni iinuliwe kwanza, ipite kwenye nguzo, soketi iwekwe juu ya meza. Kama hadithi yako ni ya kiangazi na shoti ya kabla yake ilikuwa na vumbi, acha maji.

Mafuta ya chipsi yawe ya baridi wakati wa kushuti. Mlio wa kukaanga urekodiwe peke yake.

Juni na Julai usiku wa Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, na betri za paneli zinaisha mapema kuliko ulivyozoea. Betri za akiba zikae ndani ya koti, karibu na mwili. Usimruhusu mtu aingie na kamera ndani kwenye joto kujipasha: lenzi iliyopoa ikikutana na hewa yenye unyevu inapata ukungu, na ukiifuta kwa shuka unaacha michirizi ambayo balbu itaionyesha yote. Kamera ibaki nje au ifungwe kwenye begi kabla ya kuingizwa.

Pikipiki ikipita nyuma na taa yake inafaa sana, lakini ijaribu kwanza. Kwenye pikipiki nyingi za zamani taa hupepesa injini ikiwa silensa. Mwambie dereva ashike mafuta kidogo, na sauti mtaitoa baadaye.

## Kwenye meza ya rangi

Ukishuti hivi, kazi ya rangi ni ndogo. Shusha vivuli hadi chenga zizame kwenye weusi, lakini jani la mgomba libaki. Uso uache kati ya asilimia 35 na 45 kwenye kipimo cha mwanga, na mng'ao wa shavu upande hadi 60. Ukijikuta unauvuta uso zaidi ya stopu moja, chenga zitaanza kuchemka kwenye koo na chini ya kidevu, na hapo bora utumie teki nyingine. Mwisho hamishia faili kwenye simu ya kawaida, itazame mchana karibu na dirisha. Wengi wa watazamaji wako wataiona hivyo, na kama kijana haonekani akitokea kwenye migomba, pandisha ule ukingo wa bluu peke yake. Fremu nzima usiiguse.